Wilaya ya Nani, na ya Mwaka Gani?

Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa Wote, Kenya, mwaka 1980. Kwa Kiingereza kinasema alizaliwa Wilaya ya Machakos, Mkoa wa Mashariki. Mfasiri anayejua kwamba siku hizi Kenya ina kaunti anaona akisaidie cheti kiendane na wakati, anaandika "Kaunti ya Machakos". Hapo amekwisha kumhamisha mtu. Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, na Wote leo ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Karani atakayelinganisha cheti hicho na kitambulisho ataona kaunti mbili tofauti, na mwenye cheti ndiye atakayetakiwa kujieleza.

Kosa si la mipaka tu. Wilaya ya wakati ule ilikuwa mkono wa serikali kuu, na mkuu wake aliteuliwa. Kaunti 47 zilizoundwa na Katiba ya 2010 zina gavana na bunge dogo, wote wa kupigiwa kura. Ndiyo maana pia kaunti haiwezi kuitwa mkoa kwa ajili ya msomaji wa Tanzania, ambako Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Wakenya walifanya vizuri kulichukua neno la kigeni na kuliandika kwa tahajia yetu, maana kitu chenyewe kilikuwa kipya.

Lakini kukopa si dawa ya kila mahali. Neno wilaya tumelipata kwa Waarabu, na huko kwenyewe halina kipimo kimoja. Oman ina muhafadha, na ndani ya kila muhafadha mna wilaya zenye mawali, kwa hiyo Wilaya ya Ibra inaeleweka bila taabu kwa Mzanzibari. Aljeria, wilaya ndiyo ngazi ya juu kabisa chini ya taifa, na wali wake huteuliwa na Rais. Ukiandika "Wilaya ya Oran", neno ni lile lile la wenyewe, ila msomaji wa Dodoma atafikiria eneo dogo lililo chini ya mkoa. Kwake "Mkoa wa Oran" ni sahihi zaidi, ingawa sauti ya asili imepotea.

Kwa hiyo kabla ya kushika kamusi, mfasiri aulize eneo hilo liko chini ya nani, mkuu wake anapatikanaje, na hati iliandikwa mwaka gani. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Hata Oman, Sharqiyah ilikuwa mkoa mmoja hadi 2011, ilipogawanywa kuwa muhafadha mbili, ya Kaskazini na ya Kusini.

Kwa hati rasmi, acha jina la kale lilivyo. Ikibidi, ongeza maelezo ya mfasiri pembeni: "sasa ni Kaunti ya Makueni".