Kimelea kilichokufa bado kinaonekana

Kwa zaidi ya miaka 100 kifua kikuu kilitafutwa kwa jicho. Mtaalamu wa maabara alipaka makohozi kwenye kioo, akayatia rangi, kisha akaketi mbele ya darubini kusaka vijiti vyembamba vyekundu. Njia hiyo ni nafuu na haijatupwa, ila inataka wingi: bakteria wasipofika kama 10,000 katika kila mililita ya makohozi, ni bahati kuwaona. Watoto, na watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, hawafikishi idadi hiyo hata ugonjwa ukiwa umewazidi.

Njia ya pili ni kuotesha. Makohozi huwekwa kwenye chakula cha bakteria, watu wakasubiri. Na kusubiri kwenyewe si mchezo, kwa sababu bakteria wa kifua kikuu ni mzito ajabu. Wako bakteria wa tumboni wanaojigawa kila dakika 20. Huyu huchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja. Maabara haithubutu kuandika kwamba hakuna kilichoota mpaka zipite wiki sita.

Ndiyo maana mwezi Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha mtambo wa GeneXpert unaotoa jibu kwa saa mbili, nchi nyingi za Afrika ziliupokea kwa mikono miwili. Leo mgonjwa wa Mbeya au Kampala anayetema makohozi kwenye kikopo ana nafasi kubwa ya kupimwa kwa mtambo huo. Kinachofanyika ndani yake kinaitwa PCR, na si bakteria kinachomtafuta. Kinatafuta maandishi yake.

Kila kiumbe hai hubeba DNA, uzi wa jozi ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Bakteria wa kifua kikuu ana herufi kama milioni 4.4. Tatizo la kuzisoma ni uchache wake, kwani bakteria mmoja ana nakala moja tu ya andiko lake, na nakala moja haionekani kwa chombo chochote cha kawaida. Mwaka 1983 mkemia wa Kimarekani Kary Mullis, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Cetus huko Kalifonia, alipata wazo la kuizidisha. Miaka kumi baadaye wazo hilo lilimpa Tuzo ya Nobeli ya Kemia.

Wazo lenyewe ni la joto na baridi. DNA ikipashwa hadi nyuzi 95 hivi, nyuzi zake mbili huachana. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 60, vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kiwandani, tuviite vianzio, huenda kujibandika pale tu panapolingana navyo. Hapo kimeng'enya huanzia kwenye kianzio na kuujenga upya uzi uliokosekana, herufi kwa herufi. Palipokuwa na nakala moja sasa pana mbili. Joto tena, baridi tena: nne. Mizunguko 30 ikikamilika, na kila mmoja ukifanya kazi sawasawa, nakala moja imezaa zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya cha kawaida kingeiva na kufa kwenye mzunguko wa kwanza; kinachotumika kilitokana na bakteria aitwaye Thermus aquaticus, aliyegunduliwa miaka ya 1960 katika chemchemi za maji moto za hifadhi ya Yellowstone, Marekani.

Uamuzi wote wa kipimo umo ndani ya vianzio. Kianzio cha herufi 20 kinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya bilioni 1,000, hivyo mpangilio mmoja uliochaguliwa vizuri hauwezi kupatikana kwa bahati nasibu katika DNA ya mate, ya chakula, au ya bakteria wengine wa kinywani. Vianzio vikishika na nakala zikaongezeka, andiko lile lilikuwemo. Lakini kipimo kimethibitisha hilo tu, kwamba andiko lilikuwemo.

Turudi kwenye kikopo. Mtaalamu huongeza dawa maalumu, mara mbili ya ujazo wa makohozi, akatikisa na kuacha dakika 15. Dawa hiyo huyalainisha makohozi na kuua bakteria, ili mhudumu asiambukizwe. Kisha mililita mbili huingizwa kwenye katriji, na kazi iliyobaki ni ya mtambo. Ndani ya katriji chujio huwanasa bakteria, wanaoshwa, halafu mawimbi ya sauti yenye nguvu huwapasua ili DNA imwagike. PCR huanza. Vipelelezi vinavyotoa mwanga vinaposhika nakala, mtambo huhesabu ni katika mzunguko wa ngapi mwanga ulitokea. Ukitokea mapema, chini ya mzunguko wa 16, bakteria walikuwa wengi sana. Ukichelewa kupita mzunguko wa 28, walikuwa wachache mno. Kila mizunguko mitatu na kidogo ya kuchelewa ina maana bakteria walikuwa pungufu mara kumi.

Na je, mwanga usipotokea kabisa? Huenda hakuna bakteria, lakini huenda pia PCR yenyewe ilikwama. Damu kwenye makohozi, kwa mfano, inaweza kukizuia kimeng'enya. Kwa hiyo waliobuni katriji walitia ndani yake mbegu za bakteria mwingine asiye na madhara. DNA yake isipoonekana na ya kifua kikuu isipoonekana, mtambo haumwambii mtu kwamba yu salama. Unaandika INVALID, na kipimo hurudiwa. Kinga hiyo hata hivyo haijui kilichomo kikoponi. Mgonjwa aliyetema mate badala ya makohozi ya kifuani atapata jibu safi kabisa la MTB NOT DETECTED, na halitakuwa na maana yoyote.

Msomaji makini ameshaona jambo moja hapo juu. Bakteria huuawa kabla ya kusomwa. Mtambo, basi, kila siku husoma maiti, na hauna njia ya kujua kama maiti hiyo ilikufa dakika 15 zilizopita kwenye kikopo au miezi 15 iliyopita kwenye pafu la mgonjwa. Kuosha kwenye chujio huondoa DNA iliyokuwa ikielea ovyo, lakini bakteria mfu ambaye ukuta wake haujabomoka hunaswa sawa na aliye hai. Na ukuta wa bakteria huyu, wenye nta nyingi, haubomoki upesi.

Hali hii ilipimwa mapema. Wagonjwa 221 wa Afrika Kusini na Tanzania walifuatiliwa wakati wa matibabu yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: idadi ya waliokuwa bado na jibu chanya la Xpert ilishuka polepole zaidi kuliko idadi ya wale ambao makohozi yao bado yaliotesha bakteria. Dawa zilikuwa zimeua, mtambo uliendelea kuona. Utafiti mwingine, wa Cape Town, uliochapishwa 2016, uliwaangalia watu waliowahi kuugua na ambao Xpert ilisema wana vimelea tena. Kwa mmoja kati ya kila saba, hakuna kilichoota.

Toleo jipya la katriji, Ultra, lililopendekezwa mwaka 2017, limelikuza tatizo hili kwa sababu ile ile inayolifanya liwe bora. La zamani lilihitaji bakteria kama 131 katika mililita moja. Ultra huridhika na 16 hivi. Siri yake ni kutafuta vipande viwili vya DNA, IS6110 na IS1081, ambavyo kwa kawaida hujirudia mara nyingi katika andiko la bakteria mmoja.

Tumchukue seremala wa kubuni, mwenye miaka 45, aliyemaliza dozi yake ya miezi sita mwaka juzi. Amekohoa wiki tatu. Karatasi inatoka imeandikwa MTB Trace DETECTED, na chini yake RIF Resistance INDETERMINATE. Maana yake ni kwamba vile vipande vinavyojirudia vimeonekana, lakini jini la rpoB, ambalo bakteria analo moja tu na ambalo ndilo huonyesha usugu wa dawa ya rifampisini, halikuonekana. DNA iliyomo ni kidogo mno. Huenda ugonjwa umerudi na ndio unaanza. Huenda ni mabaki ya vita ya mwaka juzi, na kikohozi ni cha vumbi la mbao au nimonia ya kawaida. PCR haiwezi kuamua kati ya hayo mawili, hata ikirudiwa mara ngapi. Kinachoamua ni makohozi mapya ya kuotesha, picha ya eksirei iliyolinganishwa na ile ya zamani, na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyoendelea: anapungua uzito, anatoka jasho usiku, au la. Jibu lile lile kwa mtoto, au kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye hajawahi kuugua kifua kikuu, husomwa tofauti. Huyo huanzishiwa dawa, maana hana maiti za zamani za kusingiziwa.

Upande wa usugu nao una mtego wake. Mtambo hausomi jini lote la rpoB. Unaangalia kipande cha herufi 81, kwa sababu mabadiliko mengi yanayoleta usugu wa rifampisini hutokea hapo. Badiliko likitokea nje ya kipande hicho, mtambo hausemi kwamba hapo hausomi. Unasema hakuna usugu. Eswatini ililijua hilo kwa uchungu. Sampuli za uchunguzi wa taifa wa 2009 hadi 2010 zilipochambuliwa upya, asilimia 30 ya bakteria sugu kwa dawa kuu zilikutwa na badiliko liitwalo I491F, ambalo liko nje ya zile herufi 81. Mgonjwa wa aina hiyo, akipimwa kwa Xpert peke yake, angepewa dawa zile zile ambazo bakteria wake hawaziogopi. Kinyume chake pia hutokea: badiliko lisilodhuru ndani ya zile herufi huzuia kipelelezi kushika, na mtu ambaye dawa za kawaida zingemponya huandikiwa usugu.

Hakuna lolote kati ya haya linalofaa kumfanya mtu akimbie kipimo. Linalofaa ni kukipa kipimo maelezo ambayo hakiwezi kuyapata chenyewe. Ukikabidhi kikopo, hakikisha ulichotema kimetoka kifuani. Kama umewahi kutibiwa kifua kikuu, sema, na utaje mwaka hata usipoulizwa. Na ukiwa katikati ya dozi, usidai upimwe kwa GeneXpert ili kujua kama umepona. Kwa kazi hiyo hutumika darubini na kuotesha.