Fahamu: Picha ya jani la muhogo haioni mizizi

Nuru, programu ya simu ya mradi wa PlantVillage, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kuangalia majani, hata pasipo intaneti. Batobato huipata kwa urahisi zaidi: majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka ya njano.

Michirizi ya kahawia ndiyo kazi ngumu. Dalili zake hutokea kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kama umanjano unaofuata mishipa, na jani linalozeeka nalo hugeuka njano. Aina nyingine za muhogo hubaki na majani mazuri huku mizizi ikioza, ikawa na madoa makavu ya kahawia ndani. Kamera itaonaje hayo?

Ndiyo maana afisa ugani hung'oa mashina machache na kukata mizizi vipande. Shaka ikibaki, sampuli ya jani hupimwa maabara, kama ile ya TARI Mikocheni, Dar es Salaam, kutafuta virusi vyenyewe.

Uthibitisho huo ufanyike kabla ya kugawa mbegu, kwa sababu pingili kutoka shina lenye virusi huhamishia ugonjwa shamba jipya.