Jumla Inayojijumlisha

Katika bajeti ya harusi iliyoandikwa kwenye Excel, gharama sita, kuanzia ukumbi hadi usafiri, ziko B2 hadi B7: shilingi milioni 6. Jumla ndogo iliwekwa B8, ila kipanya kiliburutwa seli moja zaidi:

```
=SUM(B2:B8)
```

Sasa B8 inajihesabu na yenyewe. Excel hutoa onyo. Ukibonyeza OK, seli huonyesha 0. Chini ya dirisha husomeka "Circular References: B8". Fomula ikiishia B7, onyo huondoka.

Afadhali onyo kuliko ukimya. "Enable iterative calculation" ikiwa imewashwa, Excel hainung'uniki: kwa kawaida hurudia hesabu mara 100, na milioni 6 husomeka milioni 600. Bonyeza F9, zinafika bilioni 1.2.