Lita za Boksi na Urefu wa Bomba: Sabufa Inavyopata Besi Yake

Sabufa ya inchi 12 ikinunuliwa bila boksi, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kitu kinachosomwa kwanza kwenye katoni ni wati. Lakini wati hazisemi spika italiaje. Iweke mezani, uiunganishe na amplifaya, uwashe muziki: utaona koni inacheza mbele na nyuma, ila besi yenyewe huisikii. Sababu ni kwamba koni ikisukuma hewa kwa mbele, papo hapo inaivuta kwa nyuma. Hewa iliyosukumwa inazunguka ukingo wa spika na kwenda kuziba pengo la nyuma, na sauti mbili zinauana. Boksi linajengwa kwanza kabisa ili kuzitenganisha hizo mbili.

Kuna njia mbili za kulijenga. Ya kwanza ni kuliziba kila upande, hata sindano ya hewa isipenye. Hewa iliyomo ndani inakuwa springi inayoirudisha koni mahali pake. Boksi likiwa dogo mno, springi inakuwa ngumu na besi inavimba sehemu moja tu, ile inayosikika kama gogo linalogongwa. Likiwa kubwa mno, koni inalegea na inaweza kwenda mbali kuliko inavyostahimili. Njia ya pili ni kuacha tundu lenye bomba. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu, chupa inatoa mlio mmoja wake yenyewe. Boksi lenye bomba nalo lina mlio wake, na sabufa inapofika kwenye mlio huo, hewa ya ndani ya bomba ndiyo inayofanya kazi kubwa huku koni ikitulia. Kwa amplifaya ileile unapata besi nzito zaidi na ya chini zaidi.

Kuchagua kati ya hizo mbili hakuanzi kwenye mbao. Kunaanza kwenye karatasi ya vipimo vya spika. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alionyesha mwaka 1961 jinsi ya kukokotoa boksi la bomba kutokana na tabia za spika yenyewe, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa Chuo Kikuu cha Sydney. Ndiyo maana watengenezaji wa spika huchapisha tarakimu zinazoitwa Fs, Vas na Qts. Fs ni mlio wa asili wa koni ikiwa nje ya boksi. Vas inaeleza ulaini wa mahangio ya koni kwa kuulinganisha na lita za hewa. Qts inaonyesha jinsi sumaku na mahangio vinavyoizuia koni isiendelee kutikisika ovyo. Qts ikipita 0.5, mimi naliziba boksi bila kusita. Ikiwa kati ya 0.3 na 0.45, bomba linafaa.

Tuchukue sabufa ya inchi 12 yenye Fs ya hezi 28, Vas ya lita 80 na Qts ya 0.40. Kwa boksi la kuziba, hesabu ya kawaida ya besi iliyonyooka inatoa lita 38. Spika itaanza kuishiwa nguvu kwenye hezi 50, na chini ya hapo sauti inapungua taratibu. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, kwa hiyo utasikika, ila umefifia. Kwa boksi la bomba tunaweza kuchagua lita 60 na mlio wa hezi 32. Sasa gitaa lote linasikika kwa nguvu zake. Gharama yake ni boksi kubwa zaidi, na jambo moja ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja: chini ya hezi 32 hewa inaingia na kutoka bombani bila kuizuia koni, na koni inaruka kama haimo kwenye boksi. Hapo ndipo koili zinapogonga na kuungua. Amplifaya ikiwa na swichi ya kukata masafa ya chini mno, ikate karibu na hezi 28.

Urefu wa bomba unapatikana hivi:

```
L = (23562 × D × D) / (F × F × V) − 0.73 × D
```

L ni urefu kwa sentimita, D ni kipenyo cha ndani cha bomba kwa sentimita, F ni mlio unaoutaka kwa hezi, na V ni lita za hewa ndani ya boksi. Bomba la majitaka la inchi 4 lina kipenyo cha ndani cha takriban sentimita 10, lakini pima lile uliloshika mkononi. Kwa hezi 32 na lita 60 jibu ni sentimita 31, unene wa ubao ukiwa umehesabiwa humo. Bomba la sentimita 7.5 lingehitaji urefu wa sentimita 16 tu, na wengi hulipenda kwa sababu ni rahisi kulipachika. Ukiongeza sauti, hata hivyo, hewa inapita kwa kasi kwenye tundu hilo jembamba na unasikia mfoko wa upepo juu ya muziki. Kwa inchi 12 usishuke chini ya sentimita 10.

Kosa kubwa liko kwenye zile lita 60. Ni lita za hewa inayobaki baada ya kila kitu kuingia. Spika yenyewe inakula lita 3 hivi, bomba lita 3, na vipande vya mbao vya kukaza kuta lita 2. Kwa hiyo ndani ya boksi panatakiwa lita 68: upana sentimita 34, kimo 50, kina 40. Kwa ubao wa milimita 18, ongeza sentimita 3.6 kwa kila kipimo upate cha nje. Kina hicho kinaacha sentimita 10 na zaidi kati ya mwisho wa bomba na ukuta wa nyuma, nafasi ambayo hewa inaihitaji. Fundi akisahau na kubakiza lita 50, bomba lilelile litaimba kwenye hezi 35 badala ya 32.

Unaweza kuhakikisha bila chombo cha bei. Kata bomba likiwa na sentimita 2 au 3 za ziada na usiligundishe. Weka sauti ya chini, tumia programu ya simu inayotoa hezi moja moja, na umulike koni kwa tochi. Anza hezi 50 ukishuka. Utaona mtikisiko wa koni unapungua, unapungua, mpaka mahali fulani koni inakaribia kusimama huku upepo ukitoka bombani. Ukiendelea kushuka inaanza kuruka tena. Pale iliposimama ndipo mlio wa boksi lako. Ikiwa ni hezi 30, punguza bomba kidogo kidogo mpaka ufike 32. Kwa boksi la kuziba, ibonyeze koni taratibu kwa viganja kisha uiachie: ikirudi polepole, boksi limeshika, ikirudi kwa haraka, tafuta upenyo kwenye maungio na uuzibe kwa silikoni.

Muuzaji akikosa karatasi ya vipimo, usikubali kutobolewa tundu kwa kukisia. Jenga boksi la kuziba la lita 35 hadi 40 kwa inchi 12. Hilo likikosewa kidogo bado linalia vizuri, na spika inabaki salama.