Pole imefika, jibu halijafika

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia 2015 wakaongezeka Warundi. Wakongo wengi wamekwishahamishiwa nchi za mbali, hasa Marekani, kwa hiyo ugonjwa, madeni na mahari ya ukoo mmoja hujadiliwa kwa WhatsApp.

Tuchukue mfano. Dada aliyebaki kambini anamwandikia kaka yake mkubwa aliyeko Marekani: “Shikamoo kaka. Mama amelazwa tangu Jumatatu, presha imepanda. Sasa wanampeleka hospitali Kasulu. Nauli ya kumfuata sina, hela ya kula huko sina. Nimechoka kubeba haya peke yangu. Unasemaje?” Tiki zinageuka bluu, kisha linakuja jibu: 😢🙏❤️

Ujumbe wa dada una habari, ombi na swali. Chozi limepokea habari, tena vizuri. Ombi na swali havijaguswa. Watafiti wa mazungumzo, wakiwemo Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, walionyesha tangu miaka ya 1960 na 1970 kwamba swali hufungua nafasi ya jibu, na nafasi hiyo ikiachwa wazi, aliyeuliza huanza kutafuta sababu.

Kaka angenyamaza kabisa, dada angeweza kuuliza, “Kaka, ujumbe wangu umeuona?” Sasa kaka ameshaonyesha kwamba ameuona na ameumia, na zamu imerudi kwa dada. Akiuliza tena, ataonekana anamdai mkubwa wake. Na ile mikono iliyounganishwa aisomeje? Yaweza kuwa pole, yaweza kuwa tumwombe Mungu, yaweza kuwa nisamehe, sina kitu. Gari la Kasulu linaondoka asubuhi, naye hajui apande au akakope.

Si kila emoji ni kukwepa. Kaka huenda yuko zamu kiwandani na simu hairuhusiwi. Lakini watafiti haohao waligundua jambo linalomtetea dada: kukubali huja haraka na kwa maneno mafupi, kukataa huchelewa na huja kumefunikwa. Mara nyingi anayeficha jibu nyuma ya ❤️ anaona haya kusema hana. Utamjua kwa kinachofuata. Akipiga simu usiku au akituma ujumbe wa sauti, emoji ilikuwa ya kusema nimepokea, ngoja kidogo. Akitokea siku tatu baadaye na video ya kuchekesha, kana kwamba mama hakutajwa, amekwepa.

Kaka angeweza kuandika hivi, hata akiwa amesimama: “Nipo kazini. Nauli natuma leo jioni. Hela ya chakula sina, dada, nisamehe.” Hilo “sina” linachoma, lakini dada akilisoma usiku huo bado ana muda wa kubisha hodi kwa jirani au kwa mchungaji kabla gari halijaondoka.