Kukodisha kupanda kwa hisa zako

Mwekezaji mmoja Marekani, tuseme, ana hisa 10,000 za kampuni aliyoifanyia kazi miaka mingi. Alizipata kwa dola 12 kila moja na leo zinauzwa dola 100, kwa hiyo karibu mali yake yote imo kwenye jina moja. Hataki kuziuza kwa sababu kodi ya serikali kuu kwa mtu wa kipato chake inaweza kufika asilimia 23.8 ya faida.

Dalali anamwonyesha njia nyingine: amuuzie mtu haki ya kununua hisa hizo kwa bei wanayoiafiki leo. Mikataba ya aina hii inauzwa kwenye soko rasmi la Chicago tangu 1973, na kwa kawaida mmoja hubeba hisa 100. Anauza mikataba 30, bei ya dola 110, muda wa siku 45, kwa dola 1.50 kila hisa. Anapokea dola 4,500 papo hapo. Hisa ikiishia dola 105, mnunuzi haitumii haki yake na fedha ni za muuzaji.

Wengi huishia hapo na kuiita kinga. Si kinga. Hisa ikishuka hadi dola 60, amepoteza dola 400,000 na mkononi ana 4,500. Kilichouzwa ni sehemu ya kupanda. Kushuka kote kumebaki kwake.

Kupanda nako kuna mtego. Hisa ikifika dola 125 siku ya mwisho, ana njia mbili. Akizitoa hisa 3,000 kwa dola 110, kodi aliyoikwepa inamfikia, takriban dola 71,000. Akitaka kubaki nazo, lazima aununue tena mkataba kwa dola 45,000, mara kumi ya alichopokea. Kwenye karatasi hisa zake zimepanda vya kutosha kufidia hasara hiyo, lakini dalali anadai fedha taslimu, na mtu ambaye mali yake yote ni hisa huenda hana. Hapo ndipo wengine hulazimika kuuza hisa zile zile walizotaka kuzilinda.

Kwa maoni yangu, kiasi sahihi ni hisa ambazo angeridhika kuziuza kwa dola 110 hata bila ada, huku fedha za kodi akiwa amezitenga. Kwa hisa hizo, kuchukuliwa ni mpango unaotimia, na mzigo wa jina moja unapungua.

Aangalie pia kalenda ya gawio. Mwenye haki anaweza kuitumia kabla ya muda kuisha, na mara nyingi hufanya hivyo siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio. Dalili huonekana mapema: bei ya hisa imeshapita dola 110, na thamani ya muda iliyosalia ndani ya mkataba ni ndogo kuliko gawio. Asiyetaka kuziachia hisa hununua tena mkataba kabla ya siku hiyo.