Mkasi Kwanza au Rangi Kwanza?

Mteja ameketi kitini saluni, anataka nywele fupi zenye ncha za rangi ya dhahabu. Aliacha kutia dawa miezi sita iliyopita. Nywele za kichwani hukua wastani wa sentimita 1.25 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 7 hivi zilizo karibu na ngozi ni za asili, na sentimita 5 za nchani bado ni za dawa. Aanze na msusi wa rangi au na mkasi?

Tuseme ameanza na rangi. Nywele nyeusi hazigeuki dhahabu mpaka zitiwe blichi, inayovunja rangi ya asili ndani ya unywele. Blichi hiyo inapakwa nchani, palepale palipokwisha dhoofishwa na dawa. Unywele wenye maji ukivutwa taratibu unarefuka kama mpira, haurudi, kisha unakatika. Hata ukinusurika, mkasi ukiondoa zile sentimita 5, dhahabu yote inaishia sakafuni.

Akitanguliza mkasi, mambo hubadilika. Nywele za dawa zinaondolewa, pembeni zinabaki fupi, juu zinaachwa ndefu kidogo. Nywele zinaoshwa na kukaushwa bila kuvutwa, kwa kuwa za asili hujikunja na kuonekana fupi kuliko urefu wake halisi. Hapo msusi anaona kila msokoto unapoishia, anapaka blichi nchani tu, na pembeni panabaki peusi. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo inayolionyesha umbo la mkato. Dawa inayotumika pia ni kidogo.

Tahadhari moja: kama pembeni pamepitishwa mashine au wembe, ngozi huweza kuwa na mikwaruzo isiyoonekana, na blichi ikiigusa itawasha vikali. Ni heri kusubiri siku chache hadi ngozi itulie.

Kazi haiishii hapo. Blichi hulegeza msokoto, na baada ya kukauka baadhi ya ncha zitachomoza kuliko nyingine. Ndipo mkasi unaporudi, safari hii kwa milimita chache tu, kusawazisha bila kuipunguza dhahabu.

Kwa nywele ndefu zinazotiwa rangi moja kuanzia shinani hadi nchani, kukata baadaye hakuharibu mpangilio wa rangi, na msusi anapata nafasi ya kuondoa ncha zilizokauka kwa blichi. Ila ncha kuukuu hunyonya rangi zaidi, hivyo rangi nyeusi au ya kahawia huweza kukolea huko kuliko shinani. Kama ncha hizo zitaondolewa hata hivyo, kuzipaka ni kupoteza rangi.

Basi, anayebadilisha umbo la nywele au anayetaka rangi sehemu fulani tu, akate kwanza, apake rangi, kisha asawazishe. Na kabla msusi hajachanganya chochote, mwambie ni lini mara ya mwisho ulitia dawa.